Shajara ya jedwali la umeme: nyumba tatu, kashpawa moja

Goma, tarehe 30 mwezi wa kwanza

Parsele yetu hapa Majengo ina nyumba tatu za mbao na kashpawa moja, yaani mita ya umeme wa kununua kabla ya kutumia. Kashpawa imefungwa kwenye ukuta wa nyumba ya mbele, ambayo ninakaa mimi na familia yangu. Nyuma kuna mama mmoja na watoto wake wanne. Pembeni, karibu na mlango wa barabarani, kuna kijana mshonaji ambaye chumba chake ndicho pia karakana yake. Kila umeme ukiisha tunachanga, na kila tukichanga tunagombana.

Mpango wa zamani tulioukuta kwa mzee mwenye parsele ni huu: mwenye frigo, yaani mimi, anatoa nusu, mshonaji kwa sababu ya pasi anatoa theluthi, na mama wa nyuma anamalizia sehemu ya sita iliyobaki. Hakuna aliyewahi kupima. Jana mshonaji alikuja kwangu akasema, "Papa, mimi natoa theluthi, lakini siku za Jumapili sigusi hata waya. Kwa hesabu gani?" Sikuwa na jibu. Leo nimeamua kutengeneza jedwali la kila chombo: wati zake, masaa yake kwa siku, na uniti zake kwa mwezi. Uniti moja ni kilowati-saa moja, ile `kWh` inayosomeka kwenye kioo cha kashpawa.

Bei sitaiandika humu. Bei hubadilika, lakini uniti iliyoliwa na frigo inabaki uniti.

Tarehe 1 mwezi wa pili

Kabla ya kuuliza mtu yeyote, nimeandika salio la kashpawa kwenye karatasi niliyoibandika nyuma ya mlango: 38.4. Kila atakayenunua umeme ataandika hapo uniti alizoingiza. Mwisho wa mwezi nitajumlisha salio la mwanzo na manunuzi yote, kisha nitoe salio la mwisho. Kinachobaki ndicho tulichokula kweli. Bila namba hiyo jedwali haliwezi kusahihishwa na kitu chochote. Litakuwa maoni yangu tu yaliyopangwa kwa mistari.

Tarehe 2 mwezi wa pili

Nimepita nyumba kwa nyumba na daftari. Wati nimezisoma kwenye vibandiko vya vyombo, nyuma au chini. Masaa nimeuliza wenyewe. Nimeingiza kwenye simu, kwenye karatasi ya hesabu, na fomula ya safu ya mwisho ni hii, B ikiwa wati, C masaa kwa siku, D siku kwa mwezi:

```
=B2*C2*D2/1000
```

Jedwali la kwanza limetoka hivi:

| Chombo | Wati | Masaa kwa siku | Siku | Uniti kwa mwezi |
|---|---|---|---|---|
| Kwangu: frigo | 120 | 24 | 30 | 86.4 |
| Runinga | 60 | 5 | 30 | 9.0 |
| Ampuli 6 za wati 9 | 54 | 5 | 30 | 8.1 |
| Birika la umeme | 2000 | 0.25 | 30 | 15.0 |
| Kompyuta | 60 | 3 | 30 | 5.4 |
| Mama wa nyuma: resho | 1000 | 2 | 30 | 60.0 |
| Ampuli 4 | 36 | 5 | 30 | 5.4 |
| Runinga | 50 | 4 | 30 | 6.0 |
| Simu 3 | 15 | 3 | 30 | 1.4 |
| Mshonaji: pasi | 1000 | 3 | 26 | 78.0 |
| Cherehani ya mota | 100 | 4 | 26 | 10.4 |
| Ampuli 2 | 18 | 6 | 30 | 3.2 |

Jumla ni uniti 288.3. Kwangu 123.9, kwa mama 72.8, kwa mshonaji 91.6. Ukitazama haraka utaona mpango wa mzee haukuwa mbaya sana: frigo na pasi ndizo zinazokula. Nilikaribia kulipeleka jedwali kwa wenzangu jioni hiyohiyo. Nimejizuia kwa sababu mwezi haujaisha na kashpawa haijasema neno lake.

Tarehe 3 mwezi wa tatu

Kashpawa imesema. Tulianza na 38.4, tukanunua jumla ya 200 kwa mara nne, na salio lilikuwa 27.4. Kwa hiyo tumekula 211.

Jedwali linasema 288, mita inasema 211. Uniti 77 zimeandikwa kwenye jedwali na hazikuliwa na mtu. Ni nyingi kuliko makadirio yote ya nyumba ya mama. Tungegawa pesa kwa jedwali lile, kuna mtu angelipa umeme usiokuwepo.

Mwanzoni nilifikiri ni delestaji, maana mwezi wa pili umeme ulikatika mara kadhaa. Lakini nimejumlisha masaa ya giza niliyoyaandika kwenye karatasi ya mlangoni, na hayafiki hata siku moja na nusu kwa mwezi mzima. Hayo hayawezi kuondoa zaidi ya robo ya jedwali. Kosa liko ndani ya safu zenyewe.

Tarehe 5 mwezi wa tatu

Usiku wa leo nimeanza kupima kwa taa nyekundu ya kashpawa. Kwenye uso wa mita yetu pameandikwa `1000 imp/kWh`. Maana yake ni kwamba taa ile inapepesa mara 1000 kwa kila uniti moja, yaani kila mpepeso mmoja ni wati-saa moja. Ukihesabu mipepeso na sekunde, unapata wati zinazoliwa wakati huohuo:

```
wati = 3600 x mipepeso / sekunde
```

Hii ni kwa mita ya 1000 tu. Kuna mita zilizoandikwa 800, 1600 au 3200, na hapo inabidi uzidishe kwa 1000 kisha ugawe kwa namba ya mita yako. Anayesahau hilo kwenye mita ya 1600 ataona kila chombo kinakula zaidi ya mara moja na nusu ya kile kinachokula kweli.

Saa nne usiku niliwaomba majirani wote wazime kila kitu kwa saa moja. Mama alikubali kwa sharti kwamba watoto wawe wameshalala. Ilibaki frigo yangu peke yake. Mota ilipokuwa inanguruma nilihesabu mipepeso 10 kwa sekunde 271. Hiyo ni wati 133, wakati kibandiko kinasema 120. Nikashangaa.

Kisha mota ikanyamaza. Nilitegemea taa isimame kabisa. Haikusimama. Baada ya sekunde 200 hivi ikapepesa, nikangoja tena sekunde 200, ikapepesa tena. Wati 18, usiku, nyumba tatu zikiwa zimezimwa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa waya unaovuja. Waya wa kwenda nyuma umepita chini, kati ya mawe ya volkano, na mvua ya jioni ilikuwa imelowesha kila kitu. Nilishusha disjonteri ya nyuma na ya pembeni: taa ikaendelea kupepesa vilevile. Basi ilikuwa ndani kwangu. Nilipita prizi kwa prizi na tochi, na mwishowe niliweka mkono juu ya stabilizateri ya frigo. Ilikuwa na joto kama kuku anayelalia mayai. Ndani yake kuna transfoma ambayo inakula umeme wake saa zote, frigo ifanye kazi au isifanye. Wati 18 kwa masaa 24 kwa siku 30 ni uniti 13 kwa mwezi, zaidi ya runinga yangu, na haikuwa hata kwenye jedwali. Sikuiandika kwa sababu sikuwahi kuihesabu kuwa ni chombo.

Ukitoa wati 18 kwenye 133, frigo yenyewe inabaki na 115. Kibandiko chake hakikudanganya.

Tarehe 6 mwezi wa tatu

Kama wati za frigo ni sawa, basi kosa liko kwenye masaa. Niliandika 24 kwa kuwa haichomolewi kamwe. Lakini kuchomekwa si kufanya kazi. Frigo ikifikia baridi yake inazima mota, inangoja, inawasha tena. Usiku nimeipima kwa saa ya simu: inanguruma dakika 13, inanyamaza dakika 24 au 25, karibu theluthi moja ya muda. Mchana, watoto wakifungua mlango kila mara na chakula cha moto kikiingizwa, inakaribia nusu. Nimechukua 0.4 kwa siku nzima. Umeme ukikatika na kurudi, mota inafanya kazi muda mrefu kufidia baridi iliyopotea, kwa hiyo delestaji fupi haipunguzi sana.

Wati 115 kwa 0.4 kwa masaa 24 kwa siku 30: uniti 33.1. Jedwali la kwanza lilisema 86.4. Hapa peke yake zimeondoka zaidi ya 53.

Ni lazima niseme kwamba Goma si joto. Frigo hiihii ikipelekwa mji wenye joto, ile 0.4 haitabaki 0.4. Mtu asiichukue namba yangu. Achukue saa ya simu, akae karibu na frigo yake.

Tarehe 9 mwezi wa tatu

Zamu ya mshonaji. Pasi ina kitaa kidogo kinachowaka inapovuta umeme na kuzimika ikishapata moto wa kutosha. Yeye mwenyewe alikuwa amekiona miaka yote bila kukiuliza kitu. Badala ya kuhesabu kuwaka na kuzimika nimefanya rahisi zaidi: amepiga pasi nusu saa nguo za kawaida za kazi yake, vyombo vingine vyote vimezimwa, frigo nayo, na mimi nimehesabu mipepeso ya kashpawa yote. Mipepeso 210. Yaani wati-saa 210 kwa nusu saa, sawa na wati 420 kwa wastani. Kibandiko kinasema 1000, na pasi inakula 1000 kweli, ila kwa chini ya nusu ya muda.

420 kwa masaa 3 kwa siku 26 ni uniti 32.8, si 78. Cherehani nayo mota yake inazunguka mguu unapokanyaga tu. Katika masaa manne ya kukaa nayo, mengi ni ya kupanga kitambaa na kubadilisha uzi. Nimeipa 0.4 pia, inakuwa 4.2.

Kijana alitazama daftari akasema polepole, "Kwa hiyo Papa, nimelipia umeme wa nani?"

Tarehe 10 mwezi wa tatu

Kidogo kuhusu birika, kwa sababu kila mtu hapa anaamini ndilo adui. Likichomekwa wakati resho na pasi ziko kazini, disjonteri kubwa inashuka na parsele yote inapiga kelele. Ni kweli: 2000 na 1000 na 1000 kwa pamoja ni nyingi kwa disjonteri yetu. Lakini hilo linatokana na wati, na uniti ni kitu kingine. Birika linachemsha lita moja na nusu kwa dakika nne na nusu hivi na kujizima lenyewe. Nimehesabu mipepeso 150 kwa kuchemsha mara moja, na tunachemsha mara mbili kwa siku. Uniti 9 kwa mwezi. Nilipoandika robo saa nilikuwa nakumbuka muda wa kuandaa chai, pamoja na kutafuta vikombe.

Safu ya wati inakuambia disjonteri itashuka lini. Safu ya mwisho inakuambia pesa zimekwenda wapi. Sisi tulikuwa tunamlaumu anayeshusha disjonteri kwa kumaliza umeme.

Tarehe 17 mwezi wa tatu

Resho ya mama imenichukua wiki nzima, na nimeifanya kwa uangalifu kwa sababu nilianza kuhisi jibu lake.

Resho yake ni ile ya waya uliojiviringa juu ya udongo, bila kitu chochote cha kuizima yenyewe. Ikichomekwa inakula mfululizo. Jioni nilihesabu mipepeso 20 kwa sekunde 83, ambayo ni wati 867. Kibandiko kinasema 1000 kwa volti 220, lakini jioni, mtaa mzima ukipika, fundi alipima kwenye prizi yake akapata 205. Kwa waya wa kupasha moto, volti zikipungua kidogo wati zinapungua zaidi: 205 gawa kwa 220, zidisha kwa yenyewe, unapata 0.87. Hesabu ya fundi na hesabu ya taa nyekundu zimekutana, na hilo limenipa imani na taa. Lakini isidhaniwe kwamba volti ndogo ni akiba. Sufuria inachelewa tu kuchemka, na masaa yanaongezeka.

Masaa ndiyo yaliyonipa shida. Mama aliniambia mawili kwa siku, na hakuwa anaficha kitu. Alikuwa anafikiria uji wa asubuhi na chakula cha jioni. Nilimwomba awe anaandika kwa kipande cha makaa kwenye ubao wa mlango kila anapochomeka na kuchomoa. Siku saba zimetoka hivi: masaa 2, 2, 4.5, 2, 4.5, 2.5, 3.5. Jumla 21, wastani matatu. Siku zile za 4.5 ni za maharagwe.

870 kwa masaa 3 kwa siku 30: uniti 78.3. Chombo kinachokula kuliko vyote katika parsele ni resho, na mwenye resho ndiye aliyekuwa analipa sehemu ndogo kuliko wote.

Tarehe 18 mwezi wa tatu

Jedwali la pili. Nimeongeza safu moja, ya sehemu ya muda ambayo chombo kinavuta umeme kweli, E:

```
=B2*C2*D2*E2/1000
```

Kwa resho E ni 1, kwa frigo 0.4, kwa pasi 0.42. Vitu vidogo, yaani ampuli, runinga, kompyuta na simu, sikuvigusa, E yake nimeandika 1. Vyote kwa pamoja havifiki 40 kwa mwezi na kosa ndani yake haliwezi kubadilisha mgawo.

| Nyumba | Jedwali la kwanza | Jedwali la pili |
|---|---|---|
| Kwangu (pamoja na stabilizateri) | 123.9 | 77.6 |
| Mama wa nyuma | 72.8 | 91.1 |
| Mshonaji | 91.6 | 40.2 |
| Jumla | 288.3 | 208.9 |

Kashpawa ya mwezi uliopita: 211.

Tarehe 3 mwezi wa nne

Mwezi mwingine umeisha. Salio la mwanzo 27.4, manunuzi 200, salio la mwisho 13.4: tumekula 214. Tofauti na jedwali ni uniti 5. Nimeridhika. Uniti tano hizo ni kosa dogo la masaa mahali fulani, na sitazitafuta.

Leo jioni tulikaa watatu. Kwa jedwali la pili, sehemu yangu ni 37 kwa mia, ya mama 44, ya mshonaji 19. Nilimwonyesha mama ubao wake mwenyewe wa mlango kabla ya kumwonyesha namba zangu, kwa sababu sikutaka aone kama ameletewa hukumu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Papa, yote hayo ni maharagwe?" Nikamwambia si yote, ila zile siku mbili za juma zinachukua masaa tisa kati ya ishirini na moja.

Kutoka sehemu ya sita hadi zaidi ya mbili ya tano si kitu cha kumrushia mtu kwa mwezi mmoja. Tumekubaliana kwamba mwezi huu analipa robo, mimi nabaki na nusu, mshonaji anashuka hadi robo, halafu tutaangalia. Mshonaji mwenyewe ndiye aliyependekeza.

Tarehe 5 mwezi wa tano

Mambo mawili yamebadilika. Mama analoweka maharagwe tangu usiku, anamwaga maji yale asubuhi, anafunika sufuria vizuri, na anachomoa resho robo saa kabla kwa kuwa udongo wake unabaki na moto. Ubao wa mlango unasema siku ya maharagwe sasa ni masaa 3 badala ya 4.5. Saa moja na nusu kwa wati 870 ni uniti 1.3, na kwa siku nane au tisa za maharagwe kwa mwezi ni uniti 11 hivi.

Stabilizateri yangu bado iko. Fundi anasema kwa volti 205 frigo haihitaji kusahihishiwa kitu, inatosha kifaa kidogo cha kukata umeme volti zikienda vibaya, ambacho hakina transfoma kubwa na kinakula kidogo sana. Lakini kuna usiku hapa kwetu volti zinashuka hadi ampuli zinafifia, na kifaa hicho kitakuwa kinaiacha frigo imezimwa masaa kadhaa. Nimeanza kuandika ni usiku mara ngapi kabla ya kuamua.

Kashpawa ya mwezi wa nne: 203.5.

Mshonaji amekuja na swali jipya. Anataka kununua pasi ya mvuke ya wati 2000, na anaogopa sehemu yake itazidi mara mbili. Nimemwambia haifuati hivyo, maana pasi yenye wati nyingi inapata moto haraka na kuzimika mapema. Ila mvuke unataka umeme wake, na kiasi gani siwezi kukisema kwa kuangalia kibandiko. Jumamosi ataiazima kwa mwenzake. Tutazima parsele yote nusu saa, apige nguo zilezile, na mimi nitakaa mbele ya taa nyekundu kuhesabu.